Ankara ya kampuni iliyotoka kwa PIN ya mwenyewe: kisa cha VAT ya shilingi 72,000

Kampuni ndogo ya samani yenye karakana Kariobangi ilinunua bodi 120 za MDF kutoka kwa muuzaji wa jumla aliye Eneo la Viwanda, Nairobi. Bei ya kila bodi ilikuwa shilingi 3,750 kabla ya ushuru, jumla 450,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 16, yaani 72,000, ankara nzima ikafika 522,000. LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, ilitoka kwa kampuni, mzigo ukashushwa karakanani, na pesa zikatoka kwenye akaunti ya benki ya kampuni. Ankara ilitolewa tarehe 27 Machi.

Tarehe 9 Aprili mhasibu wa kampuni alikaa kuandaa ritani ya VAT ya Machi, ambayo mwisho wake ni tarehe 20 Aprili. Akafungua orodha ya manunuzi ambayo mfumo wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, huijaza wenyewe kutokana na ankara zilizopita eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki. Ankara ya bodi haikuwamo. Karatasi iko mezani, msimbo wa QR unasomeka vizuri kwenye simu, tarakimu zote ziko sawa, lakini kwenye ritani ya kampuni haipo.

Jibu lilikuwa kwenye mistari miwili ya juu, pale panapoandikwa mnunuzi. Jina lilikuwa "Fulani Furnitures" na PIN, yaani nambari ya mlipa ushuru, ilianza na herufi A. Kampuni yenyewe imesajiliwa kama "Fulani Furniture Limited" (jina halisi tumeliacha) na PIN yake inaanza na P. Herufi hiyo ya kwanza inakueleza mengi kabla hujasoma kitu kingine: A ni PIN ya mtu binafsi, P ni ya kampuni na mashirika mengine yasiyo mtu binafsi. Kabla ya kusajili kampuni, mwenyewe alifanya biashara kwa jina la biashara tu, na jina la biashara halina PIN yake, linatumia PIN ya mwenyewe. Muuzaji alimsajili mteja enzi hizo. Mtunza stoo alipofika kaunta akataja nambari ya simu, karani akaiandika, rekodi ya zamani ikajitokeza, ankara ikachapwa. Hakuna aliyeangalia sehemu ya juu kwa sababu macho ya wote yalikuwa kwenye idadi na bei.

Hapa watu wengi hukosea kwa kudhani tatizo ni jina. Jina lilikuwa kosa, ndiyo, lakini kilichoiondoa ankara kwenye ritani ni PIN. Ni vizuri kutenganisha hali tatu, kwa sababu uzito wake haulingani. Ikiwa PIN ni ya kampuni na jina limekosewa herufi au limekosa neno "Limited", ankara itafika kwenye orodha yako, na unachobaki nacho ni karatasi ambayo afisa wa ukaguzi anaweza kuiuliza maswali. Ikiwa jina ni sahihi lakini nafasi ya PIN iko tupu, ankara haina njia ya kukufikia hata jina liandikwe kwa herufi kubwa namna gani. Na ikiwa PIN ni ya mtu mwingine, kama hapa, ununuzi umeandikwa kwa mlipa ushuru mwingine kabisa. Mbele ya sheria mwenye kampuni na kampuni yake ni watu wawili, hata kama ndiye mwenye hisa zote.

Kwa hiyo kampuni ilikuwa inakabiliwa na hasara mbili kwa ankara moja. Ya kwanza ni zile 72,000 za VAT ambazo isingeweza kuzidai, yaani kuzitoa kwenye VAT ya mauzo yake. Ya pili ni ya ushuru wa mapato: tangu Januari 2024, gharama ambayo haina ankara ya eTIMS haikubaliwi kupunguza faida, isipokuwa zile zilizosamehewa na sheria. Kwa kampuni inayotozwa asilimia 30, kukataliwa gharama ya 450,000 ni kulipa 135,000 zaidi. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema ankara ya namna hii "ipite tu, mwezi ujao tutakuwa makini".

Mhasibu alipopiga simu, karani wa muuzaji alijibu kwa upole kabisa: "Madam, hilo ni jina tu. Mlete hiyo karatasi nikate kwa kalamu, niandike jina la kampuni na nipige muhuri." Alikuwa na nia njema, na miaka kadhaa iliyopita huenda hilo lingetosha. Sasa halitoshi. Ankara ya eTIMS ni rekodi iliyokwisha kutumwa KRA, na karatasi uliyo nayo ni nakala yake. Ukiandika kwa kalamu juu ya nakala, rekodi haijaguswa: bado inasema mnunuzi ni yule wa A. Mbaya zaidi, sasa karatasi na rekodi zinapingana, na mkaguzi akisoma QR atajua hivyo hapo hapo. Barua ya muuzaji inayosema "tunathibitisha kwamba ankara hii ni ya kampuni fulani" ina udhaifu huo huo. Inafaa kama ushahidi wa kuambatisha, haifai kuwa mbadala wa ankara.

Kuna pia wanaomwomba muuzaji aingie kwenye mfumo abadilishe jina kisha achape upya. Programu ya uhasibu inaweza kumruhusu, na karatasi itatoka safi ikiwa na jina jipya. Lakini ankara ikishatumwa eTIMS haihaririwi. Ulichopata ni karatasi nzuri yenye nambari ile ile ya ankara ambayo KRA inaijua kwa jina lingine.

Njia iliyopo ni moja: muuzaji atoe krediti noti inayofuta ankara ya kwanza yote, kisha atoe ankara mpya yenye jina na PIN sahihi. Zote mbili zipite eTIMS. Krediti noti lazima itaje nambari ya ankara inayofutwa, na kiasi chake kiwe kile kile, 450,000 na VAT 72,000. Mahali pa kuonyesha sababu, muuzaji aeleze ukweli, kwamba taarifa za mnunuzi zilikosewa. Asiandike kwamba bidhaa zimerudishwa, kwa sababu hazikurudishwa, na stakabadhi ya kupokea mzigo itamsuta.

Kabla ya kuomba, mnunuzi ajiulize swali moja kwa unyoofu: nani hasa alinunua? Muuzaji makini ataliuliza, na ana haki. Kama LPO ilitoka kwa kampuni na pesa zikatoka kwenye akaunti ya kampuni, basi ankara ilikosea na inarekebishwa. Lakini kama mwenyewe alinunua bodi kwa ajili ya nyumba yake Kitengela, akalipa kwa simu yake, na miezi miwili baadaye anataka ankara iandikwe kwa kampuni ili idai VAT, hilo si sahihisho. Hapo muuzaji akikataa anajilinda, na hatumlaumu. Katika kisa hiki ushahidi ulikuwa upande wa kampuni, na ndiyo maana ombi lilikuwa rahisi kulitetea.

Ombi lenyewe liandikwe, lisiishie kwenye simu. Meneja wa fedha wa muuzaji ndiye atakayeidhinisha krediti noti, si karani wa kaunta, na hataidhinisha kwa maneno ya kusimuliwa. Ujumbe uliotumwa kwa barua pepe, nakala ikaenda kwa karani, ulikuwa wa namna hii:

"Habari za leo, dada. Tunarejelea ankara yenu ya tarehe 27 Machi, nambari iliyoonyeshwa kwenye nakala tuliyoambatisha, ya shilingi 522,000 pamoja na VAT. Ankara imetolewa kwa jina Fulani Furnitures na PIN ya mkurugenzi wetu binafsi. Mnunuzi ni Fulani Furniture Limited, kama inavyoonekana kwenye LPO na kwenye malipo ya benki. Tunaomba mtoe krediti noti ya kufuta ankara hiyo yote, kisha ankara mpya kwa jina na PIN zilizo kwenye cheti tulichoambatisha, kwa idadi na bei zile zile. Tunaomba zote mbili zitolewe siku moja, na ndani ya Aprili. Malipo tuliyofanya yahamishiwe kwenye ankara mpya. Pia tunaomba rekodi yetu ya mteja ibadilishwe ili ankara zijazo zitoke sawa. Asante kwa msaada wako."

Viambatisho vilikuwa vitano: nakala ya ankara yenye kosa, cheti cha PIN cha kampuni, cheti cha usajili wa kampuni, LPO, na uthibitisho wa malipo kutoka benki. Cheti cha PIN ndicho muhimu kuliko vyote, kwa sababu jina linalotakiwa kwenye ankara ni lile lililo kwenye cheti hicho, neno kwa neno. Usimwandikie muuzaji jina kwa kumbukumbu. Kama kampuni iliwahi kubadilisha jina na rekodi za KRA hazijabadilishwa, cheti kitaonyesha jina la zamani, na hapo kazi ya kwanza ni kurekebisha rekodi zako mwenyewe KRA kabla ya kumsumbua muuzaji. Muuzaji naye anaweza kuhakikisha PIN bila kukuuliza: kwenye ukurasa wa iTax kuna sehemu ya "PIN Checker", ambako unaandika PIN na kuona jina la mwenyewe na aina za ushuru alizosajiliwa.

Meneja alisita, na sababu yake inasikika sana. "Ritani ya Machi tumeshapeleka, na hiyo VAT tumeshalipa," alisema. "Nikitoa ankara nyingine si nitalipa tena?" Halipi tena. Krediti noti inapunguza VAT ya mauzo yake katika mwezi ilipotolewa. Zikitoka zote Aprili, ritani yake ya Aprili itakuwa na ankara mpya inayoongeza 72,000 na krediti noti inayotoa 72,000, jumla sifuri. Ritani ya Machi inabaki kama ilivyo. Haihitaji kurekebishwa, kwa sababu mwezi huo ankara ilikuwepo kweli na ushuru wake ulilipwa.

Hapo ndipo sharti la siku moja, au angalau mwezi mmoja, linapata maana. Krediti noti ikitoka tarehe 30 Aprili na ankara mpya tarehe 2 Mei, muuzaji atapunguza VAT mwezi mmoja na kuilipa mwezi unaofuata. Hakuna kinachopotea kwake, ila vitabu vyake vitaonyesha mauzo yaliyofutwa bila mbadala mwisho wa mwezi, na mwenye kuvikagua atauliza. Kwa mnunuzi ni VAT iliyochelewa mwezi mwingine mzima.

Mpangilio nao una uzito. Krediti noti itangulie. Muuzaji akianza na ankara mpya, stoku yake kwenye mfumo itaonyesha bodi 240 zimetoka wakati ghalani zimetoka 120, na kwa muda huo mauzo yamehesabiwa mara mbili. Krediti noti inarudisha 120 kwenye stoku, ankara mpya inazitoa tena. Hata hivyo mnunuzi asiridhike na ahadi ya krediti noti peke yake. Tumeona hali ambapo krediti noti imetoka haraka, ankara mpya ikasahaulika, na mnunuzi akabaki hana hati yoyote ya ununuzi alioulipia.

Kuhusu muda, sheria ya VAT ya 2013 inampa mnunuzi miezi sita ya kudai VAT, baada ya mwisho wa kipindi cha ushuru ambacho bidhaa ziliuzwa. Bodi ziliuzwa Machi, kwa hiyo miezi sita inaishia 30 Septemba. Krediti noti nayo ina kikomo cha miezi sita, ila inahesabiwa tangu ankara ilipotolewa, kwa hiyo ni 27 Septemba. Tofauti ni siku chache tu, lakini kinachokufunga ni kile kinachoisha kwanza. Na usidhani kwamba ankara mpya ya Aprili inaanzisha hesabu upya. Hesabu salama ni kuanzia mwezi bidhaa zilipouzwa. Mwenye ankara ya namna hii iliyokaa tangu Februari na sasa ni Julai ana wiki chache, hana miezi.

Katika kisa chetu muda ulitosha, ila VAT isingeweza kudaiwa kwenye ritani ya Machi. Tarehe 9 Aprili mhasibu alishawishika kuiandika ankara yenye kosa kwenye ritani kwa mkono, akitumia nambari yake, kwa hoja kwamba sahihisho linakuja. Hakufanya hivyo, na alifanya vyema. KRA inalinganisha dai la mnunuzi na ankara ya muuzaji. Ankara hiyo ingeonekana ni ya PIN nyingine, dai lingekataliwa, na wiki moja baadaye ankara yenyewe ingekuwa imefutwa na krediti noti. Kampuni iliwasilisha ritani ya Machi bila hizo 72,000, ikalipa zaidi mwezi huo, na ikaiweka ankara mpya kwenye ritani ya Aprili, ambayo mwisho wake ni 20 Mei. Gharama halisi ya kosa ikawa kukosa 72,000 mfukoni kwa mwezi mmoja. Kwa karakana ndogo hiyo si pesa ya kudharau: ni karibu bodi 19 kabla ya VAT.

Krediti noti na rasimu ya ankara mpya zilifika tarehe 11 Aprili, lakini jaribio la kwanza lilikuwa na kasoro. Krediti noti ilikuwa na nembo ya muuzaji na maneno yote yanayotakiwa, ila haikuwa na msimbo wa QR wala nambari inayotolewa na eTIMS. Karani aliitoa kwenye programu ya uhasibu pekee na haikutumwa KRA. Karatasi kama hiyo inafuta deni katika vitabu vya muuzaji, lakini kwa KRA ankara ya kwanza ingali hai. Kama ankara mpya ingetolewa juu ya hiyo, muuzaji angekuwa ametangaza mauzo mawili, na hapo ndipo hofu ya kulipa VAT mara mbili ingetimia. Mhasibu aliirudisha mchana huo huo, ikatoka tena kwa njia sahihi.

Ankara mpya ikifika, isome juu kabla ya chini. Jina liwe lile la cheti, PIN iwe na herufi na tarakimu zake zote 11, na herufi ya mwisho usiipite kwa haraka, maana O na 0 hufanana. Kisha bei: mfumo wa muuzaji huenda umepandisha bei tangu Machi, na karani akichagua bidhaa upya, bei mpya inaingia yenyewe. Hapa bodi zilikuwa zimepanda, na rasimu ya kwanza ilionyesha 3,900 badala ya 3,750. Tofauti ya 150 kwa bodi ni 18,000 kabla ya VAT, deni ambalo lingekaa kwenye akaunti ya mteja bila mtu kujua limetoka wapi. Mwisho usome QR, lakini usitosheke nayo. QR inathibitisha kwamba ankara imefika KRA. Kwamba imefika kwako utalijua utakapoiona kwenye orodha ya manunuzi ya kampuni.

Je, muuzaji akikataa kabisa? Mnunuzi hana uwezo wa kuifuta ankara ya mtu mwingine, wala asitafute fundi wa kumchapia nyingine. Nguvu aliyo nayo ni kuandika ombi la pili kwa mkurugenzi akitaja tarehe ya mwisho ya miezi sita, kisha kupeleka malalamiko kwenye ofisi ya KRA inayohudumia eneo lake, akiwa na LPO, stakabadhi ya mzigo na malipo. Kama bado kuna ankara nyingine haijalipwa, wengi hushikilia malipo hadi sahihisho litoke. Hilo hufanya kazi, lakini angalia kwanza masharti ya mkopo mliyokubaliana, usije ukasimamishiwa bidhaa katikati ya oda.

Kwenye vitabu vya kampuni, ankara ya 27 Machi haikufutwa na kusahaulika. Iliwekwa kwenye faili moja na krediti noti na ankara mpya, pamoja na barua pepe za pande zote mbili, kwa sababu stakabadhi ya kupokea bodi ni ya Machi huku ankara ikiwa ya Aprili, na pengo hilo lazima lijieleze lenyewe faili likifunguliwa. Hati za ushuru hutunzwa miaka mitano, na mhasibu atakayeulizwa huenda asiwe huyu wa sasa. Mkurugenzi naye alipewa nakala ya krediti noti, kwa kuwa ununuzi wa 450,000 ulikuwa umeandikwa kwenye PIN yake binafsi, na ni yeye atakayetakiwa kuonyesha kwamba umeondolewa.

Kuhusu kaunta, mtunza stoo sasa haendi na nambari ya simu. Anabeba LPO ambayo jina la kampuni na PIN vimechapwa juu kwa herufi nene, na haruhusiwi kusaini kupokea ankara kabla ya kulinganisha PIN hiyo na iliyo kwenye ankara, herufi kwa herufi, akiwa bado amesimama pale. Kosa likionekana dakika hiyo, krediti noti na ankara mpya hutoka tarehe ile ile, na VAT inadaiwa mwezi ule ule.